Visima Arobaini vya Kijani

Enock Semboja hakuomba kuwa mtengenezaji. Alitoka nje ya ukumbi kupokea simu ya mkewe kuhusu dawa ya mahindi, na aliporudi alikuta wenzake wamekwisha kumchagua. Semina ile ilifanyika Korogwe, katika hoteli yenye maji ya chupa kila meza, na mtaalamu kutoka Dar es Salaam alikuwa ameuliza nani atashika leseni ya mtengenezaji wa dashibodi ya shirika. Watu kumi na mmoja wakainamia simu zao kwa pamoja. Wa kumi na mbili alikuwa nje.

"Mzee Semboja ni mtu makini," alisema mkurugenzi Richard, kijana wa miaka thelathini na sita anayevaa koti hata mwezi wa kwanza. "Mpeni makofi."

Wakampa.

Enock alikuwa na miaka hamsini na minne. Alizaliwa Makuyuni, akafanya kazi ya ukarani wa mizani miaka ishirini na miwili katika shamba la mkonge, na shamba lilipopunguza watu akaajiriwa na shirika hili dogo linalotunza visima vya maji vya wafugaji na wakulima. Ofisi ilikuwa Handeni mjini. Wiki nzima alikaa chumba cha kupanga, Ijumaa jioni akarudi Makuyuni kwa mkewe, Grace. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukataa agizo la bosi, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia shahada.

Shirika lilikuwa na visima arobaini, vyote vya pampu za umeme wa jua. Wafadhili walileta vidude vya kupimia, vikafungwa kwenye kila pampu, na kila baada ya dakika kumi na tano kila kidude kilituma taarifa: maji yanatoka au hayatoki, na kiasi gani. Taarifa zote zilikwenda kwenye hifadhi moja. Kazi ya dashibodi ilikuwa kuzichukua na kuzionyesha kwenye ramani, kijani kwa kisima kizima, nyekundu kwa kisima kilichokufa.

Enock aliyasoma masharti ya programu, kurasa thelathini na moja, kwa kalamu mkononi. Hakuna mwingine aliyethubutu. Aliyoyakuta hayakuwa magumu. Leseni ziko za aina mbili. Mwenye leseni ya mtengenezaji anaunganisha data, anachora ramani, anapanga muda wa kusasisha. Mwenye leseni ya mtazamaji anafungua, anaangalia, anachuja kwa wilaya au kwa tarehe, basi. Mtengenezaji dola arobaini kwa mwezi, mtazamaji dola nane, na kila leseni ni ya mtu mmoja mwenye jina lake. Shirika lilikuwa limenunua kifurushi cha chini kabisa: mtengenezaji mmoja, watazamaji watano. Kwa kifurushi hicho data inasasishwa mara moja tu kwa siku. Jedwali halipokei zaidi ya mistari laki moja. Na mtu wa nje ya shirika akitaka kuona, ama anunuliwe leseni ya mtazamaji, ama ukurasa ufunguliwe kwa umma, ambapo utaonwa na dunia nzima bila kuulizwa jina.

Leseni tano za watazamaji ziligawanywa kwa busara kubwa. Moja alichukua mkurugenzi. Moja mhasibu. Moja mjumbe wa bodi aishiye Arusha. Moja ofisa habari, kwa ajili ya kupiga picha za skrini. Ya tano akapewa Mama Catherine, mwakilishi wa wafadhili, ambaye hakuwa mtu wa shirika lakini ndiye aliyelipa. Yordani, fundi wa pampu, mtu pekee ambaye angeweza kufanya chochote akiona rangi nyekundu, hakupata.

"Yordani atakuuliza wewe," mkurugenzi alimwambia Enock. "Ndiyo maana mko ofisi moja."

Kisha likatoka agizo la pili: kuanzia sasa gari la ufundi lisitoke mpaka dashibodi ionyeshe nyekundu. Zamani mwangalizi wa kisima alipiga simu na Yordani akaondoka. Huo ulikuwa utaratibu wa kizamani, usio na ushahidi.

Enock alipiga hesabu kwenye karatasi. Visima arobaini, taarifa tisini na sita kwa siku kila kimoja, ni mistari elfu tatu mia nane na arobaini kwa siku. Laki moja ingejaa baada ya siku ishirini na sita na saa moja. Dashibodi ilizinduliwa tarehe mosi Agosti. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kueleza kwamba kuanzia tarehe 27 programu itachukua mistari laki moja ya kwanza na kuiacha mingine yote nje, na kwamba itakayoachwa ni mipya. Akapendekeza ama kifurushi kikubwa zaidi, ama data za zamani zifupishwe. Mkurugenzi alimjibu kwenye simu kwa picha ya kidole gumba.

Wakati huohuo zilikuwepo kamati za maji za vijiji, arobaini nazo, zilizoahidiwa kwenye mikutano kwamba zitaona hali ya visima kwenye simu kabla hazijaswaga ng'ombe. Kuzinunulia kamati zote leseni kulikuwa dola mia tatu na ishirini kwa mwezi. Mkurugenzi alilishughulikia tatizo hilo kwa dakika mbili.

"Fungua ukurasa kwa umma."

"Mkurugenzi, mle ndani mna majina na namba za simu za waangalizi wote. Mtu yeyote duniani atazisoma."

"Basi chukua leseni moja ya mtazamaji, ya mhasibu, hafungui kamwe. Wape wote neno la siri moja."

Enock alisema masharti yanakataza. Mkurugenzi akasema masharti ni ya wazungu. Enock akatii. Kwa siku tisa zilizofuata, kila simu mpya ilipojaribu kuingia, programu ilituma namba ya uthibitisho kwenye simu ya Enock, aliyesajili leseni zote, na watu wa kamati wakampigia waipate. Alisoma tarakimu sita sita akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa kanisani, akiwa ananyolewa. Siku ya kumi kampuni ya programu ikaifunga akaunti ya mhasibu, ikaandika barua ya heshima ikieleza maana ya mtu mmoja.

"Sasa tuma picha," mkurugenzi akaamua. "Kila asubuhi piga picha ya ramani, uitume kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Picha haina leseni."

Hilo, kwa haki, lilifanya kazi. Data ilisasishwa saa kumi na moja alfajiri, Enock akafika ofisini saa moja na nusu, akapiga picha, akatuma. Kwa majuma mawili kamati zilifurahi. Walijua picha ni ya alfajiri, si ya mchana, na hiyo iliwatosha kuamua waende kisima gani.

Tarehe 27 Agosti jedwali lilijaa. Enock alikuwa akilisubiri. Kwenye ukurasa wa mipangilio, ambao mtengenezaji peke yake huuona, ilitokea pembetatu ndogo ya manjano: mistari imezidi kiwango, iliyozidi haikupakiwa. Data ya mwisho iliyoingia ilikuwa ya saa saba kasorobo usiku wa kuamkia siku hiyo. Juu ya ramani, kwa herufi kubwa, paliandikwa: Imesasishwa leo saa 11:00 alfajiri. Haukuwa uongo. Programu ilikuwa imesasisha vizuri kabisa, kila alfajiri, mistari ileile.

Visima vyote arobaini vilikuwa vya kijani.

Enock aliingia kwa mkurugenzi. "Imesimama," alisema. "Naweza kufupisha data za zamani leo hii. Kazi ya saa mbili."

"Kufupisha maana yake kufuta?"

"Hapana. Data zote zinabaki kwenye hifadhi. Dashibodi ndiyo itachukua muhtasari."

"Mzee wangu, kwenye andiko la mradi tumeahidi historia kamili, dakika kumi na tano kwa kumi na tano. Mama Catherine anakuja tarehe kumi Septemba. Unataka aje akute muhtasari?" Mkurugenzi aliinua mikono. "Na kifurushi kikubwa siwezi kumwomba kabla hajaona mafanikio. Acha ilivyo. Inapendeza. Akishaondoka tutarekebisha."

"Na picha za asubuhi?"

"Endelea kutuma."

Enock akaendelea. Aliongeza chini ya picha, kwa maandishi madogo, maneno "Data ya mwisho: 27 Agosti", na akaiambia nafsi yake kwamba mwenye macho atasoma. Maandishi hayo kwenye simu ya bei rahisi yalionekana kama uchafu wa kioo. Aliyajua hayo pia. Alituma tarehe 28 na 29, akatuma na Septemba ilipoingia.

Alhamisi, tarehe 4, simu iliita. Alikuwa Resian, katibu wa kamati ya kisima namba 17, mama wa miaka thelathini na kitu ambaye huandika ujumbe wenye nukta na mikato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Za huku si nzuri. Nauliza tu. Ile kijani ya kisima chetu, ina maana gani?"

"Maana yake maji yanatoka."

"Basi nimeelewa sawa. Jana baba mkwe wangu, mzee Koisaba, alikuwa na ng'ombe kule malishoni. Niliangalia picha yako, nikampigia, nikamwambia namba kumi na saba ni kijani. Wakatembea kilomita kumi na nne. Pampu imekufa tangu Jumamosi. Wakaendelea kumi na moja zaidi, mpaka namba ishirini na mbili. Ndama watatu hawakufika."

Enock akauliza kama mwangalizi wa kisima alitoa taarifa.

"Alimpigia Yordani siku ileile. Yordani akamwambia gari linasubiri nyekundu."

Yordani alikuwa ameketi meza ya pili, akinoa bisibisi ambayo haikuhitaji kunolewa. Alikuwa amesikia. "Nilikuuliza Jumatatu," Yordani alisema, Enock alipokata simu. "Nikakuuliza, mzee, kumi na saba ni rangi gani? Ukasema kijani."

"Ilikuwa kijani."

"Najua. Mimi sina leseni ya kuibishia."

Jumapili baada ya ibada, Enock alikaa na Grace nyuma ya nyumba Makuyuni wakipukuchua mahindi. Grace hakuwa na haja na mambo ya dashibodi, ila alikuwa na haja na mume aliyekuwa halali siku tatu. Akamwambia aseme. Enock alisema yote, mistari, laki moja, pembetatu ya manjano, ndama watatu.

"Hao wengine wenye leseni wanaweza kuirekebisha?" Grace aliuliza.

"Watazamaji? Hawawezi. Wanaangalia tu."

"Mkurugenzi je?"

"Naye ni mtazamaji."

Grace alitupa gunzi kwenye kapu. "Kwa hiyo mtu anayeweza kuirekebisha nchi nzima ni mmoja, na yuko hapa anapukuchua mahindi."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa na asiyeweza." Akachukua hindi lingine. "Kwenye mizani ulikuwa unaandika kilo ulizoziona au alizotaka msimamizi?"

Enock aliudhika, kwa kuwa alijua jibu na mkewe alilijua pia.

Jumatatu hakutuma picha. Aliomba ruhusa ya nusu siku akisema anaumwa tumbo, jambo ambalo halikuwa mbali na ukweli, akapanda bodaboda mpaka kisima namba 17. Njia ilikuwa vumbi tupu na miiba. Mabirika ya kunyweshea yalikuwa makavu, udongo ndani yake umepasuka vipandevipande. Kidude cha kupimia kilikuwa kikiwaka taa yake ndogo ya buluu, kikituma kwa uaminifu kila robo saa kwamba hakuna maji. Mistari yote hiyo ilikuwa ikifika kwenye hifadhi, na hakuna aliyeiona.

Mzee Koisaba alikuwepo, amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo, pamoja na Resian.

"Shikamoo, mzee," Enock alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi."

Koisaba alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayekadiria mnyama wa kununua. "Zamani nilikuwa namtuma mtu anatangulia anaangalia maji, anarudi kusema. Huyu mkwe wangu akaniambia siku hizi simu inaangalia. Nikaacha kutuma mtu." Alisogeza fimbo. "Ulijua haina maji?"

Enock angeweza kusema hapana. Kuhusu kisima hiki hasa, hakujua. "Nilijua picha ni ya zamani," alisema. "Sikujua kisima gani kimekufa. Nilijua siwezi kujua, na nikatuma."

"Kwa nini?"

"Niliagizwa."

Resian alitafsiri kwa Kimaasai, ingawa mzee alikuwa ameelewa. Koisaba akatikisa kichwa taratibu. "Basi sasa umeona kwa macho. Nenda kaseme."

Jumanne mkurugenzi alikuwa Korogwe kumpokea mgeni na kukagua chakula cha mchana. Saa nane na nusu Enock alifungua dashibodi, akavua saa, akaanza. Siku saba za mwisho aliziacha kama zilivyo, kila robo saa. Za nyuma yake alizifupisha, mstari mmoja kwa kisima kwa siku. Jumla ikawa mistari elfu ishirini na nane na mia mbili. Alipiga hesabu ya mbele: hata baada ya mwaka mzima isingefika elfu arobaini na mbili. Tatizo lililoangusha ndama watatu lilichukua saa moja na dakika arobaini.

Alipotaka kuona matokeo, programu ilimwambia kwa adabu kwamba nafasi ya kusasisha ya leo imekwisha kutumika. Inayofuata: kesho, saa 11:00 alfajiri. Kesho ilikuwa tarehe kumi. Enock alifunga kompyuta, akaenda kununua ndizi.

Jumatano saa nne asubuhi ukumbi mdogo wa ofisi ulijaa. Mama Catherine alikaa mbele, Resian na mzee Koisaba kwenye viti vya wawakilishi wa jamii, Yordani amesimama mlangoni. Mkurugenzi, ndani ya koti, alisimama mgongo ukielekea ukutani ambako ramani ilikuwa inarushwa.

"Na hapa," alisema bila kugeuka, "mnaona matunda ya uwekezaji wenu. Visima arobaini, vyote vinafanya kazi, kwa wakati halisi."

Mama Catherine aliangalia ukuta. "Naona vyekundu kumi na kimoja."

Mkurugenzi akageuka. Kisha mkurugenzi akafunga kifungo cha koti, na kwa kipaji ambacho ndicho kilichomfikisha alipo, akasema, "Naam. Na huo ndio uwazi tunaouzungumzia."

"Namba kumi na saba imekufa lini?"

Enock alisimama. "Tarehe 30 Agosti, saa tisa na robo alasiri."

"Fundi alikwenda lini?"

"Sijaenda," alisema Yordani kutoka mlangoni. "Agizo ni gari lisitoke bila nyekundu."

"Na ile si nyekundu?"

"Imekuwa nyekundu leo alfajiri, mama."

Enock akaeleza. Hakumtaja mkurugenzi, wala hakujificha. Alisema jedwali lilijaa tarehe 27, kwamba aliona, kwamba aliendelea kutuma picha siku kumi, kwamba jana amerekebisha bila ruhusa. Alipomaliza Koisaba aliuliza kama kikao kinaendelea au fundi anaweza kwenda. Lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile. Gari liliondoka kabla ya chakula, na Alhamisi mchana namba 17 ilitoa maji. Ilikuwa waya ulioungua.

Juma lililofuata Enock alipokea barua mbili, zote zimetiwa sahihi na mkurugenzi. Ya kwanza ilikuwa onyo kwa kubadilisha mfumo bila idhini. Ya pili ilikuwa cheti cha mtumishi aliyeonyesha uwazi. Aliziweka kwenye bahasha moja.

Mama Catherine aliomba orodha ya nani amefungua dashibodi mara ngapi tangu izinduliwe. Yeye mwenyewe alikuwa amefungua mara mbili. Mjumbe wa bodi hajawahi. Mkurugenzi mara moja, siku ya uzinduzi, kwa makofi. Mama Catherine aliandika kwamba leseni yake ihamishiwe kwa Yordani, na agizo la gari lifutwe: mwangalizi akipiga simu, fundi aende. Kuhusu kifurushi kikubwa alisema haoni kama kinahitajika, kwa kuwa karani amekwisha kuthibitisha kwamba kidogo kinatosha. Mkurugenzi alikuwa ametarajia jibu jingine.

Kwa ajili ya kamati, Enock alitengeneza ukurasa wa pili, mdogo, wenye vitu vitatu tu: namba ya kisima, hali yake, na saa ya data ya mwisho kwa herufi kubwa kuliko zote. Hauna jina la mtu wala namba ya simu. Huo akaufungua kwa umma, mistari arobaini, na dunia nzima inakaribishwa kuutazama. Mpaka sasa hajasikia kwamba dunia imekuja. Resian huja kila asubuhi, anaangalia saa kwanza, halafu rangi, halafu bado anampigia mwangalizi kuhakikisha. Enock alimwambia afanye hivyo hata kama ni kijani.

Ndama hawakulipwa na mtu. Enock alifika nyumbani kwa Koisaba mwezi wa kumi, akiwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai ya mlimani, na hakueleza ni vya nini. Mzee alipokea, akamwonyesha kiti, wakaongea habari za mvua mpaka jua lilipopungua ukali.